Kusafisha picha ya uso kwenye Photopea: dalili, chanzo na dawa

Kompyuta za kafe, steshenari na ofisini mara nyingi hazina Photoshop, na hata ukija na programu kwenye flashi huna nywila ya kuisakinisha. Photopea haisakinishwi. Unafungua kivinjari, unaandika photopea.com, unaburuta picha kuingia ndani na kazi inaanza. Iliandikwa na Ivan Kutskir, na imekuwa mtandaoni tangu 2013. Inafungua na kuhifadhi faili za PSD, na vibonye vyake vingi vinafanana na vya Photoshop, kwa hiyo aliyewahi kukaa kwenye studio hapotei. Unacholipia ni matangazo yanayokula upande wa kulia wa skrini.

Jambo moja la kujua kabla ya kugusa chochote: picha haipandishwi kwenye seva. Kazi yote inafanyika ndani ya kompyuta uliyokalia, kwenye kumbukumbu yake. Ukurasa ukishapakiwa, kifurushi kikiisha katikati unaendelea kusafisha uso bila tatizo. Ila kwa sababu hiyo hiyo, umeme ukikatika au kichupo kikifungwa, hakuna mahali pengine kazi yako iliposalia.

Mfano nitakaoufuata hapa ni picha ya mahafali. Binti amevaa joho, ngozi yake ni maji ya kunde iliyokolea, amepigwa na simu saa saba mchana nje ya ukumbi. Paji la uso na ncha ya pua vinang'aa, kuna chunusi tatu kwenye taya la kushoto, chini ya macho kumeingia weusi, na kwenye shavu kuna alama ndogo ya kovu. Anataka kuichapisha inchi 8 kwa 10 iwekwe sebuleni.

"Nasugua brashi, hakuna kinachotokea"

Hili ndilo lalamiko la kwanza la kila anayeanza, na karibu kila mara ubovu hauko kwenye programu. Angalia vitu vitatu kwa mpangilio huu.

Kwanza, kuna eneo lililochaguliwa ambalo umelisahau. Ukiwa umezungushia kitu kwa zana ya kuchagua, brashi inafanya kazi ndani ya eneo hilo tu; nje yake unasugua bure. Tena ukikuza picha sana, mistari yake ya vidoti inaweza kuwa nje ya skrini usiione. Nenda Select kisha Deselect, ujaribu tena.

Pili, uko kwenye leya isiyo sahihi. Leya ni tabaka la picha linalokaa juu ya jingine, kama karatasi angavu zilizopangwa. Ukitengeneza leya mpya tupu juu ya picha na kuchukua Clone Tool au Healing Brush Tool, zana hiyo inahitaji kuambiwa ichukue ngozi kutoka leya za chini. Kwenye upau wa juu kuna sehemu ya Sample. Ikibaki kwenye Current Layer, inanakili kutoka kwenye utupu, nawe unapata utupu. Weka Current & Below. Kama hutaki kuhangaika na hilo, bonyeza Ctrl+J kwenye leya ya picha upate nakala yake, ufanye usafi kwenye nakala. Faili litakuwa zito kidogo, lakini picha halisi inabaki salama chini.

Tatu, hujaweka chanzo. Clone Tool na Healing Brush Tool zinataka ushikilie Alt na kubofya mahali pa kuchukulia ngozi kabla ya kuanza kusugua. Spot Healing Brush Tool haihitaji hilo, inajitafutia yenyewe. Kwenye baadhi ya kompyuta za Linux, Alt pamoja na kipanya husogeza dirisha zima badala ya kuchukua chanzo. Ukiona dirisha linaondoka nawe, ni mpangilio wa kompyuta ndio unaoidaka Alt, na unabadilishwa kwenye mipangilio ya madirisha ya mfumo huo. Kama kompyuta si yako, tumia Spot Healing na uepukane na Alt.

Kuna na dalili jirani inayohusu maski, yaani pazia la leya ambapo nyeusi huficha na nyeupe huonyesha: badala ya kuficha kitu, brashi inapaka madoa meusi juu ya uso wa mtu. Hapo umebofya picha ndogo ya leya badala ya picha ndogo ya maski iliyo pembeni yake kwenye orodha ya leya. Rudisha kwa Ctrl+Z, bofya maski, endelea.

"Chunusi imeondoka lakini imeacha doa chafu"

Spot Healing inafanya kazi kwa kutazama ngozi inayozunguka brashi yako na kujaza katikati kwa kufuata rangi ya ukingoni. Hapo ndipo siri ilipo. Ukingo wa brashi ukigusa nywele, nyusi, kola ya joho au mstari wa taya ambako nyuma yake kuna ukuta mweupe, rangi hiyo inavutwa kuingia kwenye ngozi, na unapata ukungu mweusi au mweupe pale chunusi ilipokuwa.

Kwa hiyo kosa la kwanza ni ukubwa wa brashi. Inatakiwa iizidi chunusi kidogo tu pande zote. Bonyeza [ kuipunguza na ] kuiongeza, na ufanye hivyo kwa kila doa. Hakuna saizi moja inayofaa uso mzima. Kosa la pili ni kusugua mstari mrefu. Bofya mara moja, doa moja moja. Ukiburuta brashi juu ya shavu lote, programu inalazimika kulibuni shavu upya, na itakachobuni hakitafanana na shavu la huyo mtu.

Chunusi mbili kati ya tatu za binti wetu ziko katikati ya taya, zinaondoka kwa mbofyo mmoja mmoja. Ya tatu iko karibu kabisa na ukingo wa taya, na nyuma yake kuna ukuta wa ukumbi uliopakwa krimu. Hapo Spot Healing itavuta krimu ndani. Chukua Clone Tool, shikilia Alt na ubofye ngozi iliyo sambamba na ukingo huo huo wa taya, juu kidogo ya chunusi, ambapo mwanga unafanana. Kisha bofya juu ya chunusi. Clone haichanganyi rangi na jirani, inanakili tu, kwa hiyo krimu haiingii. Ukiona kiraka kinajulikana, shusha Opacity, yaani nguvu ya kufunika, kwenye upau wa juu hadi kama asilimia 50 na ubofye mara mbili kutoka vyanzo viwili tofauti.

Kubadilisha chanzo kuna faida nyingine. Clone ikitumika muda mrefu kutoka sehemu moja inarudia vinyweleo vile vile, na jicho la binadamu ni jepesi mno kuona kinachojirudia. Ukiona vidoti viwili pacha kwenye shavu, kimojawapo ni cha Clone.

Na lile kovu? Usiliguse kabla hujauliza. Chunusi itaondoka yenyewe wiki ijayo, hivyo kuifuta hakumbadilishi mtu. Kovu, baka la kuzaliwa na chale ni uso wake. Nimeona mama akiirudisha picha ya mwanawe kwa sababu doa la shavuni, alilokuwa akilibusu tangu mtoto mchanga, lilikuwa limefutwa. Binti huyu alijibu kwamba libaki, ila lipungue kidogo. Kwa ombi kama hilo, safisha kovu lote kwenye leya yake peke yake, kisha shusha Opacity ya leya hiyo hadi asilimia 40. Kovu linarudi likiwa limefifia.

"Ngozi imekuwa kama ya mdoli"

Chanzo ni ukungu. Mtu ananakili leya, anaenda Filter, Blur, Gaussian Blur, anafuta maski kwenye macho na midomo, basi. Vinyweleo vya ngozi vimekufa, na uso umebaki laini kuliko joho lililo chini yake. Aliyepigwa picha anaweza kufurahi kwa dakika moja kwenye simu. Ikichapishwa inchi 8 kwa 10 atauliza, "Dada, mbona umenifanya wa plastiki?"

Kuelewa dawa yake kunahitaji kujua ngozi ina ngazi ngapi za maelezo. Kuna vitu vidogo sana, yaani vinyweleo na vistari vyembamba. Kuna vitu vikubwa sana, yaani umbo la shavu na kivuli cha pua. Katikati kuna mabaka: wekundu hapa, weusi pale, uvimbe wa zamani. Kinachofanya ngozi ionekane chafu ni hivi vya katikati. Gaussian Blur inaua vidogo na vya katikati pamoja. Tunachotaka ni kulainisha vya katikati na kuacha viwili vingine.

Njia yake kwenye Photopea ni hii. Ukiwa umemaliza chunusi, nakili leya iliyosafishwa kwa Ctrl+J. Kwenye nakala bonyeza Ctrl+I ili rangi zigeuke kinyume. Uso utakuwa kama negativu, usishtuke. Kwenye orodha ya leya badilisha Normal iwe Vivid Light. Picha itageuka kijivu cha ajabu. Sasa nenda Filter, Other, High Pass. Kama uso una upana wa pikseli 1000 hivi, anza na 12. Kisha Filter, Blur, Gaussian Blur, na hapa weka ndogo, 3 au 4. Namba ya High Pass inaamua mabaka makubwa kiasi gani yalainishwe, na ya Gaussian Blur inaamua vinyweleo vidogo kiasi gani vibaki. Inashangaza kidogo kwamba kuongeza ukungu hapa kunarudisha vinyweleo, lakini ndivyo ilivyo, kwa sababu leya yenyewe imegeuzwa kinyume.

Ukimaliza, uso mzima utakuwa umelainika hadi macho na nywele, na hutaki hivyo. Weka maski kupitia Layer, Raster Mask, halafu uijaze nyeusi kwa Ctrl+I ukiwa umebofya maski yenyewe, ili athari yote ijifiche. Chukua Brush Tool laini, rangi nyeupe, Opacity asilimia 30, upake pale tu penye mabaka: mashavu, kidevu, kidogo kwenye paji. Usipake juu ya nyusi, midomo, mikunjo ya pua wala mstari wa nywele.

Utajuaje umezidisha? Nenda View, Pixel to Pixel, utazame shavu. Kama huoni kinyweleo hata kimoja, shusha Opacity ya leya hadi uvione. Kisha View, Fit The Area, utazame picha nzima. Kuna watu wanaosafisha saa nzima wakiwa wamekuza mara nne, wakifukuza vidoti ambavyo hakuna mtu atakayeviona kwenye karatasi. Kazi ifanyike kwenye Pixel to Pixel, hukumu itolewe kwenye Fit The Area.

"Ngozi imepauka, imekuwa na rangi ya majivu"

Kwa ngozi nyeusi na maji ya kunde, hili ndilo tatizo linaloharibu picha nyingi kuliko yote yaliyotangulia, na maelezo mengi ya mtandaoni hayaligusi kwa sababu yameandikwa kwa nyuso nyingine.

Mng'ao kwenye ngozi nyeusi una kazi. Ngozi nyeupe inaonyesha umbo lake zaidi kwa vivuli. Ngozi nyeusi inaonyesha umbo lake zaidi kwa mwanga unaoteleza juu yake. Mng'ao wa kwenye mfupa wa shavu, daraja la pua na juu ya mdomo ndio unaouchonga uso. Ukiufuta wote, uso unakuwa bapa. Na ukiufuta kwa brashi ya kijivu, au kwa kubana sehemu angavu za picha nzima, unapata majivu.

Kuna namna ya kupima badala ya kubahatisha. Fungua Window, Info, kisha peleka kipanya juu ya ngozi usome namba tatu za R, G na B. Kwenye ngozi ya kahawia iliyo hai, R inaongoza, G inafuata, B iko chini, na kati yake kuna nafasi ya wazi. Paji la binti wetu pembeni ya mng'ao linasoma kama 134, 88, 64. Katikati ya mng'ao linasoma 236, 222, 212. Umeona namba zilivyosogeleana? Mwanga wa jua umefunika rangi ya ngozi. Ukiutia giza mng'ao huo bila kuurudishia rangi, utapata kitu kama 140, 131, 125, na hayo ndiyo majivu yenyewe. Mwanga umepungua lakini rangi haijarudi.

Kwa hiyo unashusha mwanga kwa kutumia rangi ya ngozi yake mwenyewe. Tengeneza leya mpya tupu juu ya zote, badilisha Normal iwe Darken. Chukua Brush Tool, laini kabisa, Opacity asilimia 10 hadi 15. Shikilia Alt ubofye ngozi iliyo kando tu ya mng'ao, ili brashi ichukue rangi hiyo, halafu paka juu ya mng'ao kwa mapito mepesi. Darken inagusa tu pikseli ambazo ni angavu kuliko rangi uliyochukua, kwa hiyo ngozi ya jirani haiharibiki hata mkono ukitoka nje. Unaposogea kutoka paji kwenda puani, chukua rangi upya. Paji na pua si rangi moja kwa mtu yeyote.

Acha mapema. Mng'ao wa paji ushuke hadi ukubwa wake uonekane nusu, wa pua uwe mstari mwembamba, na wa mashavuni, kwa maoni yangu, usiuguse kabisa. Ukitazama Info tena, katikati ya paji panapaswa kusoma kitu kama 180, 148, 131: bado pana mwanga, lakini nafasi kati ya R na B imerudi.

Kuna mng'ao usioponyeka kwa njia hii. Info ikisoma 255, 255, 255, hapo hakuna ngozi tena, simu haikurekodi chochote isipokuwa weupe. Ukipaka rangi juu yake unapata kibandiko laini kisicho na vinyweleo. Hapo tumia Clone Tool kwenye leya yake tupu, Sample ikiwa Current & Below, uchukue ngozi yenye vinyweleo kutoka sehemu nyingine ya paji. Funika pale palipoungua, halafu shusha Opacity ya leya hiyo hadi karibu asilimia 50, ili mwanga urudi kidogo ukiwa na ngozi ndani yake. Kama weupe huo umekula nusu ya paji, mwambie mteja ukweli na muombe picha nyingine. Hakuna zana ya bure wala ya kulipia itakayorudisha ngozi ambayo kamera haikuiona. Itakachofanya ni kubuni.

Weusi chini ya macho unashughulikiwa kwa njia ile ile ikigeuzwa. Leya mpya, safari hii Lighten, rangi ichukuliwe kwenye shavu lililo chini tu ya jicho, brashi asilimia 10. Mapito mawili yanatosha. Kosa linaloonekana sana ni kuchukua rangi kwenye sehemu inayong'aa ya shavu. Ndipo chini ya macho panapokuwa na miduara myeupe kama mtu aliyepakwa poda vibaya. Chukua rangi ya wastani, na uache ule mkunjo mdogo wa kope la chini. Ukiuondoa, jicho linaonekana kama limebandikwa.

Kama uso mzima una majivu tangu mwanzo, kabla hujafanya lolote, tatizo si mng'ao bali ni rangi ya mwanga. Taa za tyubu na kuta za kijani hutia ukijani kwenye ngozi. Dalili yake ni kwamba hata weupe wa macho na kola nyeupe vina ukijani. Layer, New Adjustment Layer, Color Balance, sogeza kidogo kuelekea Magenta, na ikibidi kidogo kuelekea Red. Tazama kola, si uso: kola ikiwa nyeupe kweli, ngozi itakuwa imejirudia yenyewe. Fanya hili kabla ya kuchukua rangi yoyote kwa brashi, maana ukichelewa utakuwa umepaka ukijani kwa mkono wako.

"Kompyuta inakwama, au kichupo kimefunga na kazi yote imekwenda"

Kamera na baadhi ya simu za siku hizi zinatoa picha za pikseli kama 6000 kwa 4000. Kila pikseli inachukua baiti nne, kwa hiyo leya moja iliyojaa ni takriban megabaiti 96 kwenye kumbukumbu. Nakala mbili za Ctrl+J, pamoja na hatua ambazo programu inazikumbuka ili uweze kurudi nyuma kwa Ctrl+Z, na kompyuta ya gigabaiti 4 yenye vichupo vingine kumi imeshachoka.

Hesabu unachohitaji kabla ya kuanza. Inchi 8 kwa 10 kwa ubora wa dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi, ni pikseli 2400 kwa 3000. Kata picha kwanza kwa Crop Tool kufuata umbo hilo, kisha Image, Image Size, weka urefu 3000. Leya sasa ni megabaiti 29 hivi badala ya 96, na mteja hapotezi kitu kwenye karatasi. Kinyume chake usifanye: picha ya pikseli 800 ukiikuza hadi 3000 haiongezi maelezo, inaongeza uzito tu. Na namba nilizotaja za High Pass zinahesabiwa baada ya kupunguza, si kabla.

Kuhusu kupotea kwa kazi, ujanja ni kutumia File, Save as PSD mapema, mara tu unapomaliza chunusi, na tena baada ya kila hatua kubwa. Faili linaangukia kwenye folda ya vipakuliwa. Usihifadhi JPG pekee ukidhani inatosha, kwa sababu JPG haibebi leya. Mteja akirudi kusema "kovu lirudi lote", huna pa kulitoa. Na epuka Ctrl+W kwa mazoea ya Photoshop. Kwenye Photoshop kibonye hicho kinafunga picha, kwenye kivinjari kinaweza kufunga kichupo chote.

"Kwangu ni nzuri, kwa mteja ni mbaya"

Kama mteja anaona vijiraba vya mraba na ukungu, uliza picha ilisafiri vipi. WhatsApp inabana picha zinazotumwa kama picha. Hilo hutokea mara mbili: alipokutumia wewe, na ulipomrudishia. Ile ya kwanza ni mbaya zaidi, kwa sababu unasafisha ngozi ambayo vinyweleo vyake vimeshabanwa, na Spot Healing itakuwa ikinakili vijiraba. Mwambie aitume kama dokumenti, na wewe uirudishe kama dokumenti. Ukishaipokea tazama Image, Image Size. Picha ya simu nzuri ikifika na upande mrefu wa pikseli 1600, ujue imebanwa njiani.

Kama vijiraba au mistari ya rangi vinaonekana hata kwako baada ya File, Export as, JPG, basi umeshusha Quality mno. Paji la uso lililolainishwa ndiyo sehemu ya kwanza kuonyesha mistari hiyo. Iweke asilimia 90 au zaidi kwa picha ya kuchapishwa.

Kama imechapwa ikatoka nyeusi kuliko ulivyoiona, skrini ndiyo mshtakiwa wa kwanza. Skrini iliyowekwa mwanga wa juu kabisa inakudanganya kwamba picha ina nuru ya kutosha. Shusha mwanga wa skrini hadi ukurasa mweupe ufanane na karatasi nyeupe uliyoishika kando yake, ndipo uamue kama uso unahitaji kuongezwa nuru. Chapisha moja ndogo kwanza, uitazame mchana karibu na dirisha.

Na kama picha ni ya pasipoti au viza, usifanye chochote kati ya haya. Marekani, kwa mfano, inakataa waziwazi picha ya viza iliyobadilishwa kwa kompyuta. Kata saizi, toa faili, basi.

Kompyuta ikiwa ya watu, kumbuka kwamba ingawa Photopea haikupandisha picha kokote, PSD zako zote zimo kwenye folda ya vipakuliwa ya mashine hiyo. Zihamishie kwenye flashi, zifute pale, na ufute hata kwenye pipa la taka kabla hujalipa na kuondoka.